Bunia: Jengo la serikali lilipwe kwa kipimo, si kwa jicho

Pita kwenye shantie yoyote ya shule, kituo cha afya au ofisi ya serikali huku kwetu Ituri, uliza kazi imefika wapi. Jibu ni moja kila mara: asilimia 40, asilimia 60, asilimia 80. Kiongozi anayetembelea mahali anaambiwa hivyo, sisi waandishi wa habari tunaandika hivyo, na raia anayesikiliza redio anabaki na namba hiyo kichwani. Ni watu wachache wanaouliza swali la pili: asilimia 60 ya kitu gani, nani amepima, na karatasi ya vipimo iko wapi?

Swali hilo ndilo linaloshika feza zote. Kampuni inayojenga hailipwi mara moja siku ya kukabidhi funguo. Inalipwa kwa vipande, kazi ikiendelea. Kila kipande kinaombwa kwa karatasi ambayo watu wa ujenzi wanaita dekonti. Nyuma ya dekonti inapaswa kuwa karatasi nyingine, atashema, inayoonyesha kila kazi iliyofanywa: urefu wake, upana wake, kimo chake, na sahihi za pande mbili, kampuni na kontrola. Atashema ikiwa ya kweli, dekonti inakuwa ya kweli. Atashema ikiandikwa ofisini kwa kukisia, feza inatoka na jengo linabaki nyuma.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Maoni yangu ni haya: hapa Ituri atashema isiwe siri ya watu wawili. Isomwe palepale kwenye shantie, mbele ya mkurugenzi wa shule na komite ya wazazi, hasa siku ile kazi inapokaribia kufunikwa na udongo au betoni. Nitaeleza kwa nini, kwa mfano mmoja ambao mtu yeyote anaweza kufuata kwa kalamu.

Tuchukue shule ya vyumba vitatu

Tuseme serikali inajenga jengo la vyumba 3 vya darasa, mkataba wa dola 100.000. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, ila namna ya kuhesabu ni ileile ya shantie za kweli. Jengo lina urefu wa mita 27 na upana wa mita 8, tukipima kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta. Kuna kuta mbili ndefu, mbele na nyuma, na kuta nne za kukatiza: mbili za mwisho na mbili za kutenganisha madarasa.

Kazi ya kwanza ni kuchimba msingi. Mpango unasema upana wa shimo ni mita 0,60 na kina ni mita 0,80. Mtu asiye makini atapima namna gani? Atachukua kuta mbili ndefu, kila moja na mita 27,60 kutoka nje hadi nje, kisha kuta nne za kukatiza, kila moja na mita 8,60 kutoka nje hadi nje. Anapata mita 89,60. Hapo amekosea, maana kila mahali kuta zinapokutana amehesabu udongo uleule mara mbili. Anayejua kazi anahesabu kuta ndefu kamili, halafu kuta za kukatiza anazipima ndani tu, kati ya mashimo mawili marefu, yaani mita 7,40 kila moja. Anapata mita 84,80. Tofauti ni karibu mita 5 za shimo ambalo halipo duniani. Kosa hilo likianza kwenye uchimbaji, linafuata kwenye betoni ya chini, kwenye ukuta wa mawe na kwenye kila kitu kinachopita juu ya mstari huo.

Sasa tuje kwenye kina, kwa sababu hapo ndipo jicho linashindwa kabisa. Viwanja vyetu vingi vina mteremko. Tuseme kontrola anafika na dekametri, anapima kina mahali pengi, na anakuta hivi: upande wa mbele mita 0,80 kama mpango unavyosema; upande wa nyuma mita 0,60 tu; kuta za kukatiza, wastani wa mita 0,70. Kwa mpango, uchimbaji ungekuwa meta kibu 40,70. Kwa kipimo cha kweli ni meta kibu 35,62. Kuchimba udongo si bei kubwa. Ikiwa meta kibu moja ni dola 5, tofauti ni dola 25. Mtu atasema, kwa dola 25 tunapigia kelele ya nini?

Lakini ndani ya shimo hilo kutaingia ukuta wa mawe, na huo una bei. Kwa mpango, chini kabisa kuna betoni nyepesi ya sentimita 10, kisha mawe yanapanda hadi sentimita 30 juu ya udongo. Shimo likiwa na mita 0,80, ukuta wa mawe unakuwa na kimo cha mita 1 kamili. Shimo likiwa na mita 0,60, ukuta unakuwa na mita 0,80. Upana wa ukuta huo ni mita 0,40, na ukipima bila kurudia pembe, urefu wote ni mita 85,20. Kwa mpango tunapata meta kibu 34,08. Kwa kipimo cha kweli, meta kibu 30,67. Zimepungua meta kibu 3,41. Tukisema meta kibu moja ya ukuta wa mawe ni dola 120, hizo ni dola 409, kwenye kazi moja tu ya jengo moja dogo.

Feza ni sehemu ya habari. Sehemu nyingine ni kwamba ukuta wa nyuma umesimama kwenye udongo wa juu zaidi kuliko mpango ulivyotaka. Inawezekana injinia aliona udongo pale ni mgumu, akakubali kina cha mita 0,60. Ni haki yake, lakini aandike, na kampuni ilipwe mita 0,60. Inawezekana pia kwamba hakuna aliyekubali, vijana walichoka, na shefu wa shantie akaamuru mawe yapangwe. Siku mbili baadaye udongo umerudishwa, watoto wanacheza juu yake, na hakuna mtu anayeweza kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Kinachofunikwa kipimwe kabla ya kufunikwa

Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii, na kila injinia anaijua. Kazi inayobaki wazi, kama ukuta wa matofali, unaweza kuipima leo, kesho au mwezi ujao. Kazi inayofunikwa ina siku yake moja tu. Kampuni inapaswa kumwita kontrola kabla ya kufunika, na kontrola anapaswa kufika. Kampuni ikifunika bila kumwita, kontrola ana njia ya kudai pafunguliwe aone. Kontrola akiitwa kwa maandishi asifike, kosa linakuwa lake.

Mfano mzuri ni shenaji ya chini, ule mkanda wa betoni na fero unaopita juu ya ukuta wa mawe. Tuseme una upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 25. Urefu wote, bila kurudia pembe, ni mita 85,60. Betoni yake ni meta kibu 4,28. Mpango unataka fero 4 za milimita 10 zipite urefu wote, zikishikwa na etriye.

Fero ya 10 ina uzito wa gramu 617 kwa mita moja. Fero ya 8 ina gramu 395. Fero nne kwa mita 85,60 ni mita 342,4 za fero. Kwa fero ya 10 tunapata kilo 211. Kwa fero ya 8, kilo 135. Mtu akibadilisha fero, anabaki na kilo 76 mfukoni, zaidi ya theluthi moja ya chuma cha mkanda ule. Na sasa angalia jambo la ajabu: meta kibu haibadiliki. Betoni inabaki 4,28 ileile. Kwa sababu mikataba mingi inalipa betoni ya fero kwa meta kibu, fero zikiwa ndani ya bei, atashema itaonyesha namba safi kabisa na dekonti itapita bila swali.

Ndiyo maana kupima si kushika dekametri peke yake. Anayepima anauliza kwanza: kitu hiki ni kile kilichoandikwa kwenye mkataba? Kama sicho, hakiingii kwenye atashema hata kama kina urefu wa kutosha. Kifaa cha kupima unene wa fero ni kidogo, kinaingia mfukoni. Usipokuwa nacho, kata kipande cha mita moja, kipeleke kwenye mizani ya duka, usome gramu. Na kwa simenti kuna hesabu nyepesi. Betoni ya kilo 350 inataka mifuko 7 ya kilo 50 kwa meta kibu moja. Meta kibu 4,28 zinataka mifuko 30. Mlinzi wa shantie akihesabu mifuko mitupu 18 siku ile, hakuna haja ya laboratware kujua kwamba kuna neno.

Kwa nini asilimia ya macho inadanganya

Tupande sasa hadi dekonti ya pili. Kuta za matofali zimefika juu, linto za madirisha zimewekwa, na mabati yamepangwa kwenye stoo. Ukisimama barabarani unaona shule. Shefu wa shantie anasema: tumefika asilimia 55. Mgeni anaangalia, anakubali kwa kichwa. Hata mimi na kamera yangu ningekubali.

Lakini jicho linaona kimo, haliyaoni mambo ambayo bado hayajaanza. Bado mbao za paa na mabati kupigiliwa, bado sakafu, krepi ndani na nje, milango na madirisha, rangi, mifereji ya maji, choo. Kazi hizo za mwisho ndizo zinazokula feza nyingi, na hazionekani kwa sababu hazipo. Mabati yaliyo kwenye stoo si paa. Mkataba mwingine unakubali kulipa sehemu ya bei ya vifaa vilivyofika kwenye shantie, mwingine haukubali. Lakini hata ule unaokubali unaviandika peke yake, haviiti kazi iliyokwisha. Mabati ya stoo yanaweza kupanda gari usiku.

Hata ukuta wenyewe unadanganya. Chukua ukuta wa mbele, mita 27,20 kwa kimo cha mita 3: ni meta kare 81,60. Lakini ndani yake kila darasa lina madirisha mawili na mlango mmoja. Dirisha la mita 1,50 kwa mita 1,20 ni meta kare 1,80. Mlango wa mita 0,90 kwa mita 2,10 ni 1,89. Kwa madarasa matatu, matundu hayo yanafika meta kare 16,47. Ni sehemu moja kati ya tano ya ukuta. Asiyeondoa matundu analipa matofali kwa hewa.

Basi kontrola anapima kila kazi, anazidisha na bei ya mkataba, anajumlisha. Anapata kwamba kazi iliyokwisha tangu siku ya kwanza ina thamani ya dola 40.000, si 55.000. Tazama namna hiyo inavyogeuka feza mkononi. Dekonti inahesabiwa kwa jumla tangu mwanzo, halafu kinachokwisha kulipwa kinaondolewa. Tuseme mkataba huu unashika asilimia 10 za garanti, na kampuni ilipewa avansi ya asilimia 20 mwanzoni, ambayo inarudishwa kidogo kidogo kwa kukata asilimia 20 kwenye kila dekonti. Dekonti ya kwanza ilikuwa na kazi ya dola 18.000, kwa hiyo kampuni ililipwa 12.600.

Kwa kipimo: kazi ya 40.000, toa garanti 4.000, toa avansi 8.000, inabaki 28.000. Toa 12.600 iliyokwisha kulipwa. Kampuni inapokea dola 15.400.

Kwa jicho: kazi ya 55.000, toa 5.500, toa 11.000, inabaki 38.500. Toa 12.600. Kampuni inapokea dola 25.900.

Dola 10.500 zimetoka kwa kazi ambayo haipo. Labda kampuni ni ya watu waaminifu, itaendelea na kazi na mwisho hesabu itakutana. Lakini tangu siku hiyo kampuni ina feza yetu mbele ya kazi yake, na hamu ya kurudi shantie inapungua. Ukiona jengo la serikali limesimama kwenye linto, nyasi zinaota ndani ya madarasa, na unaambiwa feza ya mradi imekwisha, anza kutafuta hapo: kwenye dekonti iliyotangulia kazi.

Avansi ni kitu kingine

Watu wengi wanachanganya avansi na dekonti, na kuchanganya huko kunawasaidia wezi. Avansi inalipwa kabla ya kazi, ili kampuni inunue simenti na kupeleka mashine; inalindwa na karatasi ya benki na inarudishwa. Dekonti inalipwa baada ya kazi, juu ya kitu kilichopimwa. Feza kubwa ikitoka hakuna kilichopimwa, na ulinzi wa avansi haupo, tuko kwenye hatari.

Tumeliona jambo hilo si mbali na sisi. Mwezi wa 9 mwaka 2025, Korti ya Kasasio kule Kinshasa ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa Sheria, miaka 3 ya kazi ya kulazimishwa kwa sababu ya dola milioni 19,9 zilizokuwa za kujenga gereza la Kisangani. Feza ilikuwa imekwisha kuhamishwa kwenye konti ya kampuni. Taifa lilibishana juu ya saini na konti ya benki, kwa kuwa hapakuwa na ukuta wa kubishania.

Ituri ina sababu yake ya pekee

Mtu wa Kinshasa au Lubumbashi anaweza kusema haya ni mambo ya mafundi. Hapa kwetu ni zaidi ya hapo. Programu ya maendeleo ya wilaya 145, ile PDL-145T inayosimamiwa na PNUD, BCeCo na CFEF, ilipangiwa kujenga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala katika kila wilaya ya nchi. Wilaya zetu tano, Irumu, Djugu, Mahagi, Aru na Mambasa, zimo ndani. Na katika wilaya hizo, shantie inaweza kusimama siku moja kwa sababu ambayo haimo kwenye mkataba wowote. Tuko chini ya hali ya dharura tangu mwezi wa 5 mwaka 2021. Risasi zikilia kijiji cha jirani, mafundi wanakimbia, na kampuni inaweza kurudi baada ya miezi, au isirudi kabisa.

Siku ile kampuni ya pili inapofika kuendeleza kazi, inakuta nini? Ukuta uliosimama nusu na msingi uliofunikwa. Bila atashema, hakuna anayejua chini kuna mita 0,80 au 0,60, fero za 10 au za 8. Kampuni ya pili ikiwa na akili itakataa kupandisha paa juu ya kitu isichokijua, na itadai kuvunja na kuanza upya. Tutalipa msingi mara mbili. Ikiwa haina akili, itapandisha tu, na watoto wetu ndio watakaokaa chini yake. Kampuni ya kwanza nayo, iliyofanya kazi kweli kabla ya kukimbia, haitaweza kudai haki yake, maana haina karatasi iliyosainiwa. Atashema ni ushahidi wa wote wawili.

Ukosefu wa usalama unaleta pia kishawishi kingine. Njia ni mbaya, kontrola anaogopa, basi kampuni inatuma picha kwa simu na karatasi inasainiwa Bunia. Simlaumu mtu anayelinda maisha yake. Lakini picha ya ukuta bila kipimo ni jicho lilelile, limehamia kwenye simu. Kama kontrola hawezi kufika kweli, basi picha ionyeshe dekametri imenyooshwa ndani ya shimo na namba zinasomeka, kila ukuta na picha zake, na mtu wa palepale asiyelipwa na kampuni awepo na aandike jina lake.

Komite ya wazazi ikae mahali gani

Najua mainjinia watasema nini: wazazi hawajui metre, watachelewesha kazi, na wengine wataanza kudai feza ya soda kwa kampuni. Jambo la soda si uongo, linaweza kutokea. Lakini siwaombi wazazi wahesabu. Kuhesabu ni kazi ya kontrola, na yeye ndiye anayesaini na kujibu. Naomba mambo matatu tu.

La kwanza, mkurugenzi wa shule na mtu mmoja wa komite wajulishwe siku ya kupima kazi inayofunikwa. Kwa jengo kama hili siku hizo hazizidi nne: shimo la msingi, ukuta wa mawe kabla ya kurudisha udongo, fero za shenaji kabla ya betoni, na fero za juu kabla ya paa. Wasimame, waangalie dekametri, wasikie namba ikisomwa kwa sauti na kuandikwa.

La pili, kopi ya atashema ibaki shuleni kwenye kabati, pamoja na plani. Sisemi bei. Kampuni ina haki ya kutotangaza hesabu zake zote kijijini. Urefu, upana, kina na unene wa fero si siri ya mtu.

La tatu, ubao wa shantie, ule wenye jina la mradi na mfadhili, uwe na mstari wa chini unaobadilishwa kila dekonti: kazi iliyopimwa ni kiasi gani kati ya mkataba, na tarehe ya kupima. Hapo asilimia itakuwa na maana, kwa sababu itatoka kwenye vipimo na si kwenye mdomo.

Kampuni nzuri hazina cha kupoteza hapa. Zinazolia kila siku ni zile ambazo dekonti zao zinakaa ofisini miezi, wakati mafundi wanadai mshahara na mwenye duka anadai simenti yake. Atashema iliyosainiwa kwenye shantie, mbele ya mashahidi, ndiyo silaha yao ya kudai. Ofisi haiwezi kusema tunangoja kuhakiki kitu ambacho kimehakikiwa mbele ya shule nzima.

Kipimo hakiponyi kila ugonjwa

Nisimdanganye msomaji. Dekametri haioni bei. Kitu kinaweza kupimwa vizuri kabisa na bado tukaibiwa kwa sababu bei ya mkataba ilivimba tangu mwanzo. Mwaka 2024 nchi nzima ilibishana juu ya mkataba wa vituo 1.000 vya maji, ambao ukigawanya unapata karibu dola 399.000 kwa kituo kimoja. Hapo hata ukihesabu vituo kimoja kimoja bila kosa, ugonjwa uko kwenye bei. Hiyo ni vita nyingine, ya siku ya kutoa soko, na sheria ya mwaka 2010 juu ya masoko ya serikali ndiyo uwanja wake.

Kipimo hakionyeshi pia nguvu ya betoni yenyewe. Hiyo inataka vipande vya betoni vipelekwe kupondwa kwenye mashine. Na kontrola aliyekula na kampuni ataandika mita 0,80 hata akiwa amesimama kwenye shimo la mita 0,60, isipokuwa kuna macho mengine pembeni. Ndiyo maana nasisitiza macho hayo yawepo.

Sisi waandishi tuna sehemu yetu pia. Tunapoitwa kwenye ziara ya kazi, tunaandika asilimia tuliyopewa, tunapiga picha ya kiongozi ameshika mwiko, tunarudi mjini. Kuanzia sasa tuulize maswali mawili tu mbele ya mikrofoni: atashema ya mwisho ilisainiwa tarehe gani, na tunaweza kuiona? Mwenye nayo ataitoa kwenye mkoba. Asiye nayo, msomaji ajue kwamba ile asilimia 60 imepimwa kwa mdomo.